Mtu mzima anaposema "Niaje": salamu inayomkosesha kijana jibu

Asubuhi ile nilikuwa nikipita barazani na madaftari mkononi, mwenzangu alipoingia darasa la kidato cha tatu. Ni mwalimu hodari, mwenye umri wa miaka 40 hivi, na alikuwa amehamia shuleni kwetu wiki hiyo hiyo. Kabla hajafika mezani aliwaambia wanafunzi kwa sauti ya furaha, "Oya wanangu, niaje?" Darasa lilinyamaza kidogo, kisha likalipuka. Vijana wa nyuma waliitikia "Freshi!", wengine "Poa!", na wasichana watatu wa mstari wa mbele, ambao walikuwa wameshaanza kuinuka kumwamkia kama kawaida, walibaki wamesimama nusunusu, neno "shikamoo" likiwa limeishia mdomoni. Mmoja wao alikaa, mmoja akamalizia kuinuka, na wa tatu akamtazama mwenzake ili ajue afanye nini.

Nimekuwa nikiwafikiria wasichana wale watatu kuliko kelele za vijana wa nyuma. Mjadala kuhusu watu wazima wanaoiga salamu za vijana kwa kawaida huishia kwenye aibu: kwamba mzee anayesema maneno ya kijiweni anachekwa, na neno lenyewe huenda limeshapitwa na wakati. Hayo ni kweli, nami nitayaeleza. Lakini kuchekwa ni hasara ya huyo mtu mzima mwenyewe, tena ni hasara ndogo. Hasara kubwa humwangukia kijana, na kuielewa kunahitaji kwanza tutazame salamu ya Kiswahili imeundwaje.

Salamu yetu ni kitu cha watu wawili. Ina sehemu ya kuanza na sehemu ya kuitikia, na sehemu ya pili hufungwa na ya kwanza. Anayeambiwa "hujambo" hujibu "sijambo". Anayeambiwa "shikamoo" hujibu "marahaba". Zaidi ya kufungana, baadhi ya jozi hizo zina mwelekeo. "Shikamoo" hupanda: hutoka kwa mdogo kwenda kwa mkubwa, na maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba asili yake ni "nashika miguu yako". "Marahaba", neno la Kiarabu la kukaribisha, hushuka kutoka kwa mkubwa. Watu wawili wakishasalimiana hivyo, wamekwisha kukubaliana nani mkubwa na nani mdogo kabla ya jambo lolote jingine kuzungumzwa. Ndiyo maana mtoto asiyeamkia huhesabiwa kuwa amemkana mkubwa nafasi yake, na mkubwa asiyeitikia shikamoo huhesabiwa kuwa amemkataa mtoto.

Salamu za vijana zina mwelekeo mwingine. "Mambo?" na "Poa", "Vipi?" na "Safi", "Niaje?" na "Freshi" huenda ubavuni, kutoka kwa rika hadi rika. Hazimpandishi mtu wala hazimshushi. Inafaa kutazama hata umbo lake. "Hujambo" ni ukanushaji: huna jambo, hakuna lililokupata, na anayejibu "sijambo" anathibitisha kwamba hana jambo. "Mambo" ni wingi wa neno lile lile, "jambo", lakini bila ukanushaji. Salamu ya zamani huuliza kama umesalimika na mambo. Salamu ya vijana huyaita mambo yenyewe yaje, na jibu lake husema yamepoa, ni safi, ni shwari. Neno ni lile lile, ila limegeuzwa, na mgeuzo huo ulifanywa na watu wa rika moja kwa ajili ya kusalimiana wao kwa wao.

Basi mtu mzima anapomwambia kijana "Niaje?", anakuwa ameanza jozi ambayo kijana hana njia nzuri ya kuikamilisha. Akijibu "Poa", amekamilisha jozi, lakini amemjibu mkubwa kama rika lake, na anajua kwamba nyumbani angekemewa kwa jibu hilo. Akijibu "Shikamoo", amehifadhi adabu, lakini amekataa kile alichopewa, tena mbele ya watu, kama anayemwambia mkubwa, "Rudi mahali pako." Akinyamaza ndiyo mbaya kabisa. Nimesikia mara nyingi namna vijana wanavyojinasua, na ni namna inayonihuzunisha kidogo: husema yote mawili kwa pumzi moja, "Poa, shikamoo." Neno la kwanza linamjibu mtu mzima jinsi alivyotaka, neno la pili linajilinda iwapo hakumaanisha. Ukiisikia "Poa, shikamoo", ujue umemweka kijana njia panda, naye amepita njia zote mbili ili asikosee.

Hapo ndipo wasichana watatu wa mstari wa mbele walipokuwa. Hawakuwa wakishangaa mwalimu anajua maneno ya mtaani. Walikuwa wakitafuta jibu.

Sasa nije kwenye mabadiliko, kwa sababu hapo ndipo watu wazima wengi hudhani tatizo lipo, na kwa hiyo hudhani suluhisho ni kujifunza neno jipya zaidi. Ukisikiliza kwa makini utagundua kwamba salamu ya vijana haibadiliki yote kwa kasi moja. Ina sehemu tatu: neno la kuanzia, neno la kuitikia, na neno la kumwita mwenzako. Neno la kuanzia ndilo linalodumu. "Mambo" ilikuwa salamu ya vijana ambao leo wana watoto wa sekondari, na watoto hao bado wanaitumia. "Vipi" vivyo hivyo. Jibu hubadilika kwa kasi zaidi: poa, safi, freshi, bomba, shwari, mzuka, kama kawa, na mengine ambayo huishi muhula mmoja katika shule moja na hayafiki shule ya jirani. Linalobadilika kwa kasi kupita yote ni neno la kumwita mtu. Wakati fulani kila mmoja alikuwa msela, kisha mshikaji, kisha mchizi, kisha mwana. Na kijana wa leo akiitwa msela humtambua aliyemwita kuwa mtu wa enzi fulani, kama vile mtu anavyotambuliwa kwa mkato wa suruali.

Tofauti hiyo ya kasi ina sababu, na sababu hiyo inafaa kujulikana. Neno la kuanzia lazima lieleweke na mtu ambaye hamjapatana lolote; ukianza kwa neno asilolijua, hatajibu, na salamu itakufa hapo hapo. Kwa hiyo mwanzo hauna uhuru mkubwa. Jibu, kinyume chake, limeshaandaliwa nafasi yake. Mtu akishauliza "Mambo?", lolote utakalolitamka kwa sauti ya uchangamfu litachukuliwa kuwa na maana ya "ni mazuri", hata kama hakuwahi kulisikia. Ndiyo maana neno lenye maana ya bahari iliyotulia, yaani shwari, liliweza kuingia hapo, na neno lenye maana ya pepo, yaani mzuka, likaweza kuingia hapo pia, na hakuna aliyehitaji kufafanuliwa. Nafasi ya jibu ni uwanja wa ubunifu. Na neno la kuitana ndilo linalosema nani yuko ndani ya kundi na nani yuko nje, kwa hiyo ndilo linalolindwa kwa wivu zaidi na kutupwa haraka zaidi linapovuja.

Kuvuja ndiko kunakoliua neno, au tuseme kunakolistaafisha. Neno la kundi hufanya kazi yake maadamu walio nje hawana. Likishatamkwa na mtangazaji wa redio, likabandikwa kwenye bango la biashara, likatamkwa jukwaani na mgombea anayetafuta kura za vijana, halitengani tena na maneno ya kila mtu. Chukua "shwari". Novemba 2012 kampuni ya simu ya Safaricom nchini Kenya, pamoja na benki ya CBA, ilizindua huduma ya akiba na mikopo kwa simu na kuipa jina M-Shwari. Ni jina zuri, na neno halikufa kwa ajili yake; hata leo ukimuuliza mtu hali anaweza kukujibu "shwari" pasipo shida. Lakini neno ambalo baba hulitamka anapoulizia mkopo haliwezi tena kuwa alama ya kijana anayetaka kujitenga na baba. Linabaki kuwa neno jema la watu wote, na vijana wanaenda kutafuta jingine.

Ndiyo kusema kwamba mtu mzima anayeiga hafiki kwa kuchelewa tu. Kufika kwake ni sehemu ya kinacholiondoa neno. Kila anapolikamata, anakuwa ameongeza sababu ya kuachwa kwake, na akijitahidi kuwa mwepesi zaidi atakuwa analiharibu mapema zaidi. Mbio hizi hazina namna ya kushinda, kwa sababu mstari wa mwisho husogezwa na kuwasili kwake mwenyewe.

Maandishi ya simu yanaonyesha jambo hili waziwazi kuliko mazungumzo, kwa kuwa huacha alama. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 vijana wengi, hasa wa Kenya, waliandika salamu yao ya "sasa" kwa umbo la `xaxa`, wakiweka x mahali pa s. Kwa masikio hakuna tofauti yoyote. Tofauti ilikuwa kwa macho, na ilitosha kumtenga mwalimu au mzazi aliyezoea tahajia ya shule. Waliokuwa wakiandika hivyo sasa ni watu wazima wenye kazi na familia, na wengi wao wameacha. Mzazi anayemwandikia binti yake `xaxa` leo, akidhani anaandika lugha ya vijana, anaandika lugha ya shangazi za binti huyo. Kijana ataelewa, atajibu kwa upole, kisha huenda akawaonyesha wenzake.

Kuna dalili moja ya kuchelewa ambayo watu wazima huichukulia kuwa dalili ya kufanikiwa, na ni vizuri kuitaja. Unamsalimu kijana kwa salamu yake, naye anajibu "Poa". Unaridhika. Lakini "poa" kwa sasa ni jibu ambalo hupewa mtu yeyote: mgeni, mtalii, mzee, mpita njia. Kiswahili kilishawahi kufanya jambo kama hili. Salamu kamili ni "hujambo", lakini mgeni wa nje akisema "Jambo!" hatumsahihishi, tunamrudishia "Jambo!" na kuendelea na safari. Neno lile limekuwa salamu ya kumsalimia mtu ambaye tumekubali kwamba hajui. Vijana nao wana maneno ambayo hawayatumii tena wao kwa wao lakini wameyaweka akiba kwa ajili yetu. Wapo watu wazima ambao kila wakisalimia vijana hujibiwa "Poa kichizi kama ndizi" na kucheka nao, bila kujua kwamba jibu hilo siku hizi husikika zaidi kati ya waongoza watalii na wageni wao. Ukitaka kujua kama umejibiwa kwa dhati au kwa akiba, sikiliza wanavyosalimiana wao dakika moja kabla hawajakuona. Kama maneno ni tofauti, umejibiwa kwa akiba.

Nirudi darasani, maana kilichotokea baadaye ndicho kilichonifanya niandike.

Wiki ya kwanza mwenzangu alipendwa sana. Wanafunzi walimkimbilia barazani, na nakiri kwamba baadhi yetu tulioitikia "marahaba" miaka yote tulijiuliza kama tumekuwa wakavu. Wiki ya tatu, siku ya Jumatatu, alikuwa amesimama na mkuu wa shule karibu na ofisi, na kijana mmoja wa mstari wa nyuma, mmoja wa wale walioitikia "Freshi!" kwa sauti kubwa kuliko wote, akapita mbele yao. Alimwamkia mkuu wa shule, "Shikamoo mwalimu," kama ipasavyo. Kisha akamgeukia mwenzangu, akanyoosha ngumi ili wagonganishe, akasema, "Mzuka mwanangu, inakuwaje?"

Mwenzangu alibadilika uso. Alimwambia kijana kwa ukali kwamba hana adabu, kwamba yeye si rika lake, na kwamba afike ofisini baada ya vipindi. Kijana aliadhibiwa siku hiyo kufagia uwanja.

Nimelipima tukio hili mara nyingi, na kila mara nafikia mahali pale pale. Kijana hakukosea sarufi ya salamu. Kwa muda wa wiki mbili alikuwa amefundishwa, na mwalimu, kwamba kati yao wawili salamu huenda ubavuni. Alichofanya ni kuanza yeye jozi ile ambayo siku zote ilianzwa na mwenzake. Alikuwa na busara hata ya kutenganisha: mkuu wa shule alimpa salamu inayopanda, mwalimu akampa salamu ya rika. Hakujua kwamba ruhusa ile ilikuwa na masharti ambayo hayakutajwa: kwamba ni ya darasani tu, kwamba anayeanza ni mwalimu tu, na kwamba mbele ya mkubwa mwingine inafutika. Angeyajuaje?

Hapo ndipo ulipo uzito wote wa suala hili. Mtu mzima anayetumia salamu ya vijana huazima usawa, na huweza kuurudisha wakati wowote anapoona unamgharimu. Neno moja tu, "Mimi si rika lako," linatosha kumrejesha alikotoka akiwa na heshima yake yote. Kijana hana neno kama hilo. Hawezi kumwambia mwalimu, "Wewe ndiye uliyeanza," maana kusema hivyo ni kukosa adabu mara ya pili. Kwa hiyo katika mchezo huu mmoja ana mlango wa kutokea na mwingine hana, na aliye na mlango ndiye aliyeuanzisha. Ningependa kila mtu mzima anayefikiria kusema "Niaje" kwa kundi la vijana ajiulize kwanza swali hili: je, nitakubali wanisalimie hivyo hivyo, wao wakianza, mbele ya mkubwa wangu wa kazi au mbele ya mama mkwe wangu? Kama jibu ni hapana, basi kilichotolewa hakikuwa usawa.

Kwa wasichana hatari ni nyingine, na ni kubwa zaidi. Katika mazingira yetu ya Tanzania kila msichana anamjua yule mwanamume anayekataa shikamoo. Binti anamwamkia kwa heshima, naye badala ya kuitikia marahaba anasema, "Aa, mimi bado kijana, usiniamkie bwana, sema mambo." Binti mwenye miaka 16 anaelewa mara moja maana yake. "Shikamoo" ilikuwa imeweka kati yao umbali wa mzazi na mtoto, na umbali huo humlinda mtoto. Mwanamume anayeuondoa anasema, bila kutamka, kwamba anataka atazamwe kwa jicho jingine. Ndiyo maana mama wengi huwafundisha mabinti zao jibu la namna ya kurudia: akikataa, mwamkie tena, kwa sauti, watu wasikie.

Sasa fikiria mwalimu, kiongozi wa kwaya, kocha au mjomba mwenye nia njema kabisa, anayemsalimia binti yule yule kwa "Mambo, niaje?" Yeye anadhani anachangamsha. Binti anasikia umbo lile lile ambalo amefundishwa kuliogopa, kutoka kwa mtu ambaye hawezi kumkwepa kwa sababu humwona kila siku. Hana namna ya kujua nia iliyo moyoni. Ana maneno tu. Na iwapo siku nyingine atakutana na mtu mwenye nia mbaya, alama ambayo ingemwonya itakuwa imeshapunguzwa makali na watu wema walioitumia ovyo. Sidhani kwamba wanaume wengi wamelifikiria jambo hili kwa upande huo. Kwangu mimi hili peke yake linatosha kuwa sababu ya mwanamume mtu mzima kutomwanza msichana kwa salamu ya rika, hata kama anaipenda lugha hiyo namna gani.

Ni lazima nikiri mipaka ya hoja yangu. Uzito wa shikamoo si sawa kila mahali panaposemwa Kiswahili. Tanzania na pwani yote ya Kenya inabeba uzito mkubwa. Nairobi na bara ya Kenya haitumiki kwa kiwango hicho, na mtu mzima huko anaweza kusalimiwa "habari yako" na kijana pasipo mtu kuona kosa. Pale ambapo hakuna jozi ya kupanda na kushuka ya kuvunja, "Sasa?" ya mtu mzima humtatiza kijana kidogo tu, na hatari inayobaki ni ile ya kuchelewa. Tena ziko kazi ambazo watu wazima na vijana hukutana kama washirika hasa, mathalani studio za muziki au timu ya mtaa ambamo mchezaji wa miaka 35 anacheza na wa miaka 18. Humo salamu ya rika ni ya kweli, kwa sababu usawa wenyewe ni wa kweli: mdogo akianza yeye, hakuna anayekasirika.

Vilevile sitaki kusema kwamba mtu mzima ajitenge na maneno hayo kabisa. Kuyaelewa ni jambo moja, kuyatamka ni jingine. Mwalimu asiyejua kwamba "mzuka" ni jibu la salamu atadhani mwanafunzi anazungumzia mashetani, na hilo halimsaidii yeyote. Tena kila mtu mzima ana lugha ya mtaani ya ujana wake, na hiyo ni mali yake halali. Mtu wa miaka 50 akimwambia mwenzake "Mambo?" na kujibiwa "Poa", hakuna aliyeiga, ndivyo walivyosalimiana tangu wakiwa wavulana, na vijana wakiwasikia hawaoni ajabu. Kinachowasumbua vijana ni mtu kuvaa neno la jana jioni ili aonekane wa jana jioni.

Na ziko salamu za katikati, ambazo ajabu yake ni kwamba hazipandi wala hazishuki na bado hazidai urika. "Hamjambo?" inaitikiwa "Hatujambo" na kila mtu anaijua. "Habari za leo?", "Kwema?", "Mmeamkaje?" zote zina jibu lililo wazi, na kijana anaweza kuitikia na kuongeza shikamoo yake bila kugongana na chochote. Uchangamfu ambao mwenzangu alikuwa akiutafuta unaweza kuwekwa kwenye sauti na uso, na zaidi kwenye kile kinachofuata baada ya salamu. Vijana hukumbuka kwa muda mrefu mtu mzima aliyeuliza kuhusu mguu ulioumia wiki iliyopita. Kuitikia "Marahaba" kwa kumtazama mtoto machoni, kisha kumuuliza jambo moja la kwake, kunamkaribia zaidi kuliko neno lolote la mwaka huu.

Mwenzangu na mimi tulizungumza siku mbili baada ya adhabu ile. Sikumhukumu, nilimuuliza tu alitarajia kijana amsalimie vipi. Alifikiri kwa muda, akasema, "Nilitarajia ajue." Kisha akanyamaza, maana aliisikia kauli yake mwenyewe. Alhamisi alimwita yule kijana, nikiwapo, akamwambia kwa maneno machache kwamba aliyeanza ni yeye mwalimu, na kwamba adhabu haikuwa ya haki. Kijana alitazama chini, akasema, "Haina shida, mwalimu," na tukaona wazi kwamba hakujua aweke wapi mikono yake.

Jumatatu iliyofuata mwenzangu aliingia darasani akasubiri. Wanafunzi walisimama, wakamwamkia, naye akaitikia, "Marahaba, hamjambo?" Vijana wa nyuma walitazamana, mmoja aliguna kidogo, kama mtu aliyepoteza kitu alichokuwa anakipenda, na sina haja ya kuficha kwamba kwa siku kadhaa darasa lile lilikuwa baridi kuliko mwanzo. Ilichukua karibu mwezi. Nilipowaona tena pamoja ilikuwa asubuhi, getini. Kijana alimwamkia, akaitikiwa, na mwalimu akamuuliza kuhusu mechi ya jana yake. Kijana akaanza kusimulia, na kadiri alivyonogewa maneno ya mtaani yakawa yanamiminika, moja baada ya jingine, hadi mwalimu akamsimamisha kumuuliza neno fulani lina maana gani. Kijana akacheka, akamweleza, na walikuwa bado wakizungumza walipopita mlango wa ofisi.